Kesi ambazo hazipo: mwongozo kamili wa kukagua saiteshoni za akili mnemba kabla hujafaili sabmishoni

Ofisi nyingi za mawakili hapa Malindi siku hizi zinatumia ChatGPT na wenzake kutafuta kesi, na mimi sina ugomvi na hilo, manake inasaidia kweli kupanga mawazo haswa ukiwa na faili nyingi na karani mmoja. Ugomvi wangu ni mahali pamoja tu: pale saiteshoni inapotoka kwenye skrini ikaingia moja kwa moja kwenye sabmishoni bila mtu kuifungua hiyo hukumu na kuisoma. Hapo ndipo watu wanaumia, na anayeumia wa kwanza ni klaenti.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusitawanyike. Tuseme familia imekaa kwenye shamba kule Ganda tangu miaka ya tisini, wamepanda minazi, wamejenga, wamezika wazee wao hapo, na mwenye hati hajaonekana. Sasa ghafla amekuja na barua ya kuwafukuza. Wanakuja kwako, unataka kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Malindi kudai ardhi kwa sababu ya kukaa zaidi ya miaka 12. Unauliza akili mnemba ikupe othoriti. Inakupa tatu, zimepangika vizuri, kila moja na maelezo yake.

Kwanza elewa inatunga vipi

Mtambo wa lugha hauna kabati la hukumu ndani. Umesoma maandishi mengi mno na kazi yake ni kuendeleza maneno kwa namna inayoelekea kuwa sawa. Unajua saiteshoni ya Kenya inakaaje: jina, herufi v, jina la pili, mwaka ndani ya mabano ya mraba, halafu eKLR. Unajua pia majina ya watu wa huku na majina ya majaji waliowahi kukaa Malindi. Ukiuliza kesi, unaunganisha hivyo vitu na kukupa kitu ambacho kwa macho hakina kasoro yoyote. Haujui kwamba umetunga, kwa hivyo hata ukiuliza kama ni kweli utakujibu tu kwa mtindo uleule.

Hili la kuuliza mtambo wenyewe nalikazania kwa sababu ndilo lililowazamisha wale mawakili wa New York kwenye kesi ya Mata v. Avianca mwaka 2023. Walifaili kesi sita ambazo hazipo, mojawapo ikiitwa Varghese v. China Southern Airlines, 925 F.3d 1339. Mmoja wao aliuliza ChatGPT kama Varghese ni kesi ya kweli, ikasema ndiyo, na kwamba inapatikana kwenye Westlaw na LexisNexis. Mtu akifungua kitabu chenyewe ukurasa ule anakuta yuko katikati ya hukumu nyingine kabisa ya mahakama nyingine. Jaji aliwatoza dola 5,000, ila hiyo faini nitairudia baadaye kwa sababu chanzo chake sicho kile watu wengi wanadhani.

Kuna mitambo mipya inayotafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu. Hiyo inapunguza kesi za kutunga lakini haimalizi shida, kwa sababu inaweza kufungua ukurasa wa kweli halafu ikakueleza kitu ambacho ukurasa hausemi.

Kuuliza kwenyewe

Usianze na "nipe kesi." Uliza hoja: ni mambo gani mdai lazima athibitishe, maneno gani ya kisheria nitafute, kifungu gani kinahusika. Majibu ya namna hiyo unaweza kuyapima haraka na yanakupa maneno ya kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Na usibandike jina la klaenti, namba ya kitambulisho wala namba ya ploti, manake siri ya klaenti inalindwa na kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi na pia kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Andika "mdai" na "mwenye hati," inatosha.

Ukishapata jibu, chomoa saiteshoni zote uziandike kwenye karatasi tupu bila yale maelezo yake matamu. Nasema hivi kwa sababu ukisoma maelezo kwanza, ukienda kwenye hukumu utakuwa unatafuta kuthibitisha ulichoambiwa badala ya kusoma kilichoandikwa.

Je, ipo?

Hapa ndipo mawakili wetu wanahitaji kujua kitu kimoja kuhusu saiteshoni zetu wenyewe. Saiteshoni ya zamani ya `[2015] eKLR` haina namba. Inasema tu mwaka, na kwamba iko mtandaoni. Kwa hivyo mtambo ukitunga majina mawili ukaweka `[2015] eKLR` mbele, hakuna chochote ndani ya hiyo saiteshoni kinachoweza kukuambia ni uongo. Kinachobeba uzito ni majina ya wahusika na namba ya kesi kortini, mfano Civil Appeal No. 56 of 2014. Kama mtambo haukukupa namba ya kesi, hiyo othoriti bado hujapewa.

Saiteshoni mpya ni tofauti. Angalia hii:

```
Dina Management Limited v County Government of Mombasa & 5 others [2023] KESC 30 (KLR)
```

KESC ni Mahakama ya Juu, na 30 ni namba ya hukumu hiyo moja tu kwa mwaka huo. KECA ni Mahakama ya Rufaa, KEHC Mahakama Kuu, KEELC Mazingira na Ardhi, KEELRC Ajira na Kazi. Namba moja, hukumu moja. Hata anwani ya ukurasa kwenye Kenya Law imejengwa kwa hizohizo namba:

```
new.kenyalaw.org/akn/ke/judgment/kesc/2023/30/eng@2023-04-21
```

Kwa hivyo ukipewa saiteshoni ya aina hii, tafuta kwa namba. Ukikuta majina mengine kabisa kwenye namba hiyo, umemaliza, ni ya kutunga. Ukikuta namba ni ya kesi ya mirathi wakati wewe umeambiwa ni ya mipaka ya shamba, pia umemaliza.

Turudi kwa zile tatu zetu. Ya kwanza ni Mtana Lewa v Kahindi Ngala Mwagandi [2015] eKLR. Nenda Kenya Law, ni bure, andika majina ya wahusika. Inatokea: Mahakama ya Rufaa, hapahapa Malindi, Civil Appeal No. 56 of 2014. Ipo.

Ya pili ina jina la Kigiriama upande mmoja na jina la Kiarabu upande wa pili, imepewa Mahakama ya Mazingira na Ardhi Malindi, mwaka 2009, eKLR. Unaandika majina yote mawili, hakuna. Unaandika jina moja moja, manake Kenya Law wakati mwingine jina limeandikwa kwa herufi tofauti kidogo, Kalisa badala ya Karisa, Saidi badala ya Said. Hakuna. Unatafuta kwa maneno ya hoja pamoja na mwaka. Hakuna. Na kabla hata hujahangaika hivyo kuna kitu kingekushtua: Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitokana na Katiba ya 2010 na sheria yake ni ya 2011. Haiwezi kuwa na hukumu ya 2009. Mahakama ya Juu nayo ilianza 2011. Namba za kesi zenye E mbele zilikuja na kufaili kwa mtandao kuanzia 2020, kwa hivyo ukiona kesi ya E045 ya mwaka 2012, simama. Kosa la tarehe ndilo mtambo unalofanya sana kwa sababu unaunganisha vipande vinavyoonekana kufanana bila kujua historia ya mahakama zetu.

Sasa, si kila hukumu iko mtandaoni. Kuna za zamani zimebaki kwenye vitabu vya KLR na EA. Ikiwa una namba ya kesi na mahakama, mtume karani rejista aulize faili, ama kafungue kitabu kwenye maktaba ya mahakama. Ukikosa kote huko, usiitumie. Usiandike kwamba nakala itatolewa baadaye, usiweke kwenye orodha ukitumaini upande wa pili hawataangalia. Inatoka.

Je, inasema hicho?

Hii hatua ndiyo ndefu na ndiyo inarukwa, kwa sababu mtu akishaona kesi ipo anapumua. Othoriti ya tatu ya mtambo wetu ni hiyo Dina Management niliyoandika juu, na maelezo yake yalisema Mahakama ya Juu imethibitisha kwamba kukaa miaka 12 kunashinda hati. Kesi ipo, namba ni sahihi, tarehe ni sahihi, tarehe 21 Aprili 2023. Ila ukiisoma, ni kuhusu ploti ya ufukweni Mombasa na kama mnunuzi anaweza kujificha nyuma ya hati wakati ugavi wa kwanza wa hiyo ardhi haukufuata utaratibu. Mahakama ilisema hati haitoshi, lazima mizizi yake iwe safi. Hakuna pale aliyekaa miaka 12 akidai shamba. Ukiipeleka kwa jaji wa ardhi Malindi kwa hoja ya kukaa miaka 12, atakuuliza swali moja na hutakuwa na jibu, na ubaya ni kwamba hii aina ya kosa haionekani kwa kutafuta majina peke yake.

Kwa hivyo soma hivi. Anza mwisho, mahakama iliamua nini, nani alishinda. Halafu rudi pale mahakama inapotaja maswali yaliyokuwa mbele yake, uone kama swali lako ni mojawapo. Kama swali lako halikuwepo, basi hata kama kuna sentensi nzuri ndani, ni maneno ya njiani tu.

Kisha nukuu. Kila nukuu uliyopewa, fungua hukumu, bonyeza `Ctrl+F`, andika maneno manne au matano mfululizo kutoka katikati ya nukuu. Yasipotokea, jaribu maneno mengine, manake nakala zilizoskaniwa huwa na makosa ya herufi. Yasipotokea tena, nukuu imetungwa hata kama kesi ni ya kweli.

Yakitokea, bado. Angalia yametokea sehemu gani. Hukumu zetu zina tabia ya kuandika kwa urefu sana hoja za kila upande kabla ya mahakama kusema lake, ukurasa baada ya ukurasa, "wakili wa mrufani aliwasilisha kwamba..." Mtambo hautofautishi vizuri. Unaweza kukupa sentensi ya kweli iliyomo kwenye hukumu ya kweli, kumbe ni hoja ya wakili aliyeshindwa na mahakama ikaikataa aya kumi mbele. Pia kwenye Mahakama ya Rufaa jaji mmoja anaweza kuwa ametoa maoni ya kutofautiana na wenzake, na hayo si sheria. Mimi naona hili ndilo kosa litakalotusumbua zaidi miaka inayokuja, kwa sababu kesi za kutunga kabisa zitapungua, lakini hizi za nusu ukweli ni ngumu kuziona kwa haraka.

Mtana Lewa ikipitishwa kwenye hiyo njia inapita. Mahakama ya Rufaa ilishughulikia waziwazi kama mtu kupata ardhi kwa kukaa miaka 12 kunagongana na Kifungu cha 40 cha Katiba kinacholinda mali, ikasema hakugongani, na ikaeleza maana yake: mtu anashika ardhi na kujidai kuwa na haki nayo, na mwenye hati anaacha kuchukua hatua kwa kipindi kilichowekwa, ambacho kwetu ni miaka 12. Hiyo unaweza kusimama nayo. Andika aya ama ukurasa uliopata, jaji asilazimike kuitafuta.

Halafu uone kama bado imesimama. Tafuta jina la kesi ndani ya alama za kunukuu, `"Mtana Lewa"`, usome hukumu za karibuni zinazoitaja zinaisema vipi. Kama ni ya Mahakama Kuu ama ya Ardhi, tafuta kama ilikatiwa rufaa.

Vifungu navyo

Watu wanakagua kesi wanasahau vifungu. Kwa shamba letu la Ganda unataka Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22: kifungu cha 7 kwa ile miaka 12, kifungu cha 38 cha kuomba mahakama uandikishwe kuwa mwenye ardhi. Na Oda ya 37 kanuni ya 7 ya Kanuni za Madai za 2010, ambayo inataka hati ya kiapo iambatanishwe na dondoo ya hati ya ardhi iliyothibitishwa na msajili. Fungua kila kimoja kwenye sheria yenyewe, kwa sababu mtambo mara nyingi unakupa namba sahihi na maneno ya nchi nyingine.

Halafu kuna kifungu cha 41, ambacho mtambo unakiruka mara kwa mara na kwetu pwani ndicho kinaamua kesi. Kinasema huwezi kudai ardhi ya serikali kwa njia hii. Huko Lamu kuna watu wengi wamekaa vizazi kwa vizazi kwenye ardhi ambayo kwenye rekodi ni ya serikali, na wakili akichukua jibu la mtambo lilivyo atawafailia maskwota kesi ambayo haina mlango, wakati haki yao inafaa kutafutwa kwa njia nyingine kama Tume ya Ardhi. Kwa hivyo kabla ya othoriti yoyote fanya sachi ya ardhi ujue ni ya nani.

Nani anakagua

Anayesaini. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mawakili kinasema wakili ni afisa wa mahakama, na hiyo haipitishwi kwa karani wala kwa wakili mwanafunzi. Kule Afrika Kusini, Pietermaritzburg, kwenye kesi ya Mavundla iliyoamuliwa Januari 2025, utafiti ulifanywa na wakili mwanafunzi, na katika othoriti tisa zilizotajwa mahakama ilizipata mbili tu. Mkubwa wake hakuokolewa na kusema hakuandika yeye.

Na klaenti naye siku hizi anakuja na karatasi zake. Ametumiwa kwenye WhatsApp na mwanawe aliye Doha, zimejaa kesi, anakwambia wakili weka hizi. Mpokee kwa heshima, mwambie mzee nitazisoma, na uzipitishe njia ileile. Uingereza, hukumu ya Juni 2025 [2025] EWHC 1383 (Admin), upande wa kesi ya Al-Haroun, utafiti ulifanywa na klaenti mwenyewe na wakili akauamini. Katika saiteshoni 45, 18 zilikuwa hazipo. Mahakama ilisema ni ajabu wakili anamtegemea klaenti kwa utafiti wa sheria wakati inafaa iwe kinyume chake.

Weka karatasi moja kwenye kila faili: saiteshoni, linki, aya uliyotumia, nani alifungua hukumu, tarehe gani. Printi ukurasa wa kwanza wa hukumu na ule wenye aya yako, uviambatanishe. Othoriti nne zilizosomwa zinatosha kesi kama hii, na jaji anazipenda kuliko kumi na tano.

Ukishafaili halafu ukagundua

Hapa ndipo ile faini ya New York inarudi. Jaji hakuwaadhibu kwa sababu tu walitumia ChatGPT, na alisema wazi kwamba kutumia teknolojia ya kuaminika si kosa. Aliwaadhibu kwa sababu upande wa pili ulishasema kesi hazipatikani, mahakama ikaagiza nakala, na wao wakaendelea kusimama nazo mpaka kuleta maandishi ya hukumu za kutungwa. Alisema kama wangekiri mapema mambo yangekuwa tofauti sana.

Kwa hivyo ukigundua, siku hiyohiyo andika barua kwa naibu msajili, nakala kwa wakili wa upande wa pili. Taja saiteshoni na aya ya sabmishoni zako, sema haipo ama haisemi ulichodai, ondoa hoja inayoitegemea, na uombe ruhusa ya kufaili sabmishoni zilizorekebishwa. Mwambie klaenti pia, kwa Kiswahili anachokielewa, kabla hajasikia kwa mwingine. Kama hukumu inasubiriwa, usingoje tarehe, omba kesi itajwe mapema ili jaji asije akaandika akitegemea kitu ambacho wewe umeshajua hakipo.

Na ukikuta za upande wa pili ndizo hazipo, mpigie mwenzako kwanza, umwandikie akuletee nakala, umpe siku chache. Asipoleta, ndipo unaieleza mahakama kwa hati ya kiapo ya mtu aliyetafuta, aseme alitafuta wapi, kwa maneno gani, na alipata nini kwenye namba hiyo.